Kufuli la ghala na kufuli la kasha: kusimba mafaili kabla ya kuyapakia mtandaoni, na la kufanya ukisahau nenosiri

Tuchukue nyumba ya wageni ya vyumba sita, mtaa wa Mkomani, Lamu. Kila mgeni akifika, msimamizi hupiga picha ukurasa wa pasipoti yake kwa simu. Picha zinaingia Google Drive, kwenye folda moja na mkataba wa pango, nakala ya hati ya nyumba na orodha ya mishahara. Miaka mitatu imepita, folda ina picha 1,200. Katika muda huo msimamizi amesahau nenosiri la akaunti mara mbili, na mara zote mbili amelirudisha kwa namba sita zilizotumwa kwenye simu yake. Aliweka nenosiri jipya, akakuta picha zote pale pale, hata moja haikupotea.

Urahisi huo ndio unaotuonyesha ufunguo uko kwa nani. Kama mtu asiyekumbuka nenosiri lake la zamani ameweza kusoma mafaili yake ya zamani, basi kilichoyafungua si nenosiri. Yamefunguliwa na mwenye huduma, kwa ufunguo alionao yeye. Namba sita zilikuwa za kumthibitishia tu kwamba anayeomba ndiye mwenye akaunti.

Google Drive husimba mafaili, yaani huyageuza yasisomeke bila ufunguo, na hilo ni kweli. Yakiwa njiani kutoka Lamu yamesimbwa, na yakilala kwenye diski za kampuni yamesimbwa pia. Mwizi akiiba diski kutoka kituo cha data hapati kitu. Lakini ni kama mzigo uliowekwa kwenye ghala la mtu: ghala lina kufuli, na ufunguo wa kufuli umo mfukoni mwa mwenye ghala. Usimbaji wa aina hii unamzuia mtu wa nje. Haumzuii mwenye ghala, wala aliye na amri ya mahakama kwake, wala anayefika mlangoni akamsadikisha kwamba yeye ni wewe. Huyu wa mwisho ndiye wa kuhofiwa zaidi huku kwetu. Akaunti iliyowekewa namba ya simu tu kama njia ya kurejesha, anayefanikiwa kubadilisha laini yako kwa ujanja anazipokea namba sita hizo badala yako, na pasipoti 1,200 zinamfungukia.

Njia ya pili ni kufunga mzigo wako ndani ya kasha nyumbani, ukabaki na ufunguo, kisha ukalipeleka kasha ghalani likiwa limefungwa. Mwenye ghala analinda kasha asilolijua ndani lina nini. Huu ndio usimbaji wa upande wa mteja: faili linasimbwa kwenye kompyuta yako kabla halijatoka, na seva inapokea vurugu la herufi.

Huduma zinazofanya hivi kwa mafaili au manenosiri yako yote, kama Proton, MEGA na Bitwarden, hujiita huduma za «zero-knowledge», maana yake mtoa huduma hajui kitu. Jina limeazimwa kutoka kwenye hisabati. Mwaka 1985 Goldwasser, Micali na Rackoff walieleza namna ya kuthibitisha jambo bila kufichua lolote zaidi ya kwamba ni kweli. Katika biashara ya kuhifadhi data neno limepanuka, na kila kampuni inalitumia itakavyo. Kwa hiyo usilisadiki neno, pima tendo. Uliza: nikisahau nenosiri, nikawa sina kifaa hata kimoja kilichobaki wazi wala karatasi ya urejeshi, je, naweza kurudishiwa mafaili yangu ya zamani kwa barua pepe au ujumbe wa simu tu? Ukijibiwa ndiyo, ufunguo wako kwao. Proton, kwa mfano, atakurudishia akaunti, lakini barua za zamani zitabaki zimefungwa mpaka ulete maneno 12 ya urejeshi, faili la urejeshi au nenosiri la zamani lenyewe. Hivyo ndivyo kasha linavyotakiwa kuwa.

Kwa nini hawawezi kukurudishia

Watu wengi hudhani huduma za namna hii zina ufunguo wa akiba mahali fulani, na kwamba ukilia sana watautoa. Hawana, na sababu iko katika namna ufunguo unavyopatikana.

Nenosiri halifungi mafaili moja kwa moja. Programu hulichukua nenosiri, ikalichanganya na tarakimu za nasibu zilizohifadhiwa pamoja na kasha, ikalisaga kwa hesabu iliyotengenezwa makusudi iwe nzito na itumie kumbukumbu nyingi ya kompyuta. Kinachotoka ni ufunguo. Nenosiri lile lile hutoa ufunguo ule ule kila mara, na ukikosea herufi moja unatoka ufunguo mwingine kabisa. Uzito wa hesabu ni kwa ajili ya mwizi: wewe unasubiri nusu sekunde au sekunde moja, naye anayetaka kujaribu manenosiri milioni mia anaisubiri mara milioni mia.

Ufunguo huo hauandikwi popote. Huzaliwa ukiandika nenosiri na hufa ukifunga programu. Sasa fikiria kitufe cha «nimesahau nenosiri» kingefanya nini hapo. Kingekupa nafasi ya kuandika nenosiri jipya, ambalo lingetoa ufunguo mpya, ambao haufungui kufuli la zamani. Wahudumu wa kampuni si wakaidi. Hawana cha kukupa.

Kuna tabaka moja zaidi, na ukilielewa hili mengine yote ya mwongozo huu yatakaa mahali pake. Ufunguo unaotokana na nenosiri haufungi mafaili. Unafunga ufunguo mwingine, ufunguo mkuu, ambao ulitengenezwa kwa nasibu siku kasha lilipoundwa, na huo mkuu ndio unaofunga mafaili. Katika Cryptomator, programu tutakayoitumia hapa, ufunguo mkuu uliofungwa hukaa katika faili liitwalo `masterkey.cryptomator`. Ukilifungua kwa kihariri cha maandishi utaona kitu cha namna hii:

```
{
  "version": 999,
  "scryptSalt": "...",
  "scryptCostParam": 32768,
  "scryptBlockSize": 8,
  "primaryMasterKey": "...",
  "hmacMasterKey": "...",
  "versionMac": "..."
}
```

`scryptSalt` ni zile tarakimu za nasibu, `scryptCostParam` ni uzito wa hesabu, na mistari miwili inayoishia kwa `MasterKey` ni ufunguo mkuu wenyewe, sehemu mbili, umefungwa. Ukibadilisha nenosiri, ni faili hili dogo tu linaloandikwa upya. Picha 1,200 haziguswi. Ndiyo maana kubadilisha nenosiri huchukua sekunde hata kasha likiwa na gigabaiti mia.

Kabla ya kuanza

Tunaiacha Google Drive ibaki ghala, kwa sababu msimamizi amekwisha kuizoea, tunaweka kasha ndani yake. Cryptomator ya kompyuta ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Ile ya simu ina malipo kwa matumizi kamili, kwa hiyo anza na kompyuta uone kama inakufaa.

Sakinisha kwanza Google Drive ya kompyuta, kisha katika mipangilio yake chagua `Mirror files` badala ya `Stream files`. Ukiacha ya pili, mafaili hubaki mtandaoni na kompyuta huyavuta moja moja yakihitajika. Siku mtandao ukizama kasha litafunguka, lakini picha ndani yake zitakataa kufunguka au zitachukua dakika nzima, nawe utadhani kasha limeharibika. Kama diski ni ndogo na huwezi kuhifadhi yote, bofya kulia folda ya kasha peke yake na uiamuru ipatikane nje ya mtandao.

Tafuta nenosiri kabla hujafungua programu, maana ukilibuni pale pale utaandika jina la mtoto na mwaka wake. Cryptomator inakubali kuanzia herufi nane, na nane ni chache mno kwa faili ambalo mwizi anaweza kulinakili akalishambulia nyumbani kwake bila mtu wa kumhesabia majaribio. Chukua kamusi ya Kiswahili. Itoe simu ikupe namba ya nasibu ya ukurasa, kisha namba ya nasibu ya neno katika ukurasa huo. Fanya hivyo mara tano. Ukipata kwa mfano neno la samaki, la ufundi, la ndege, la chombo na la maradhi, yaandike kwa mpangilio uliotoka, herufi ndogo zote, kistari kati ya neno na neno. Kamusi yenye maneno 12,000 hivi ikichaguliwa hivyo mara tano inatoa michanganyiko mingi kuliko mtu atakavyoweza kuijaribu yote. Usichague maneno yaliyokupendeza, na usitumie methali wala mstari wa wimbo hata ukiwa mrefu, kwa sababu wanaovunja manenosiri huanza na sentensi zinazojulikana.

Kuunda kasha

Fungua Cryptomator, bofya alama ya kuongeza, chagua `Create New Vault`. Lipe kasha jina lisilosema kitu, kwa sababu jina hilo litaonekana kwenye Google Drive. «Wageni-pasipoti» linamwambia mwizi aje na nini. «Kasha1» linatosha. Mahali pa kuhifadhi, elekeza kwenye folda ya Google Drive.

Ukishaandika nenosiri mara mbili, programu itakuuliza kama unataka ufunguo wa urejeshi. Jibu linaloanza na `Yes please` ndilo la kuchagua, na hapa usiwe na haraka. Kitakachotokea kwenye skrini ni maneno 44 ya Kiingereza. Hayo si nenosiri la pili. Ni ufunguo mkuu wenyewe, umeandikwa kwa maneno badala ya tarakimu ili binadamu aweze kuuchapa bila kukosea, pamoja na kipimo kidogo mwishoni kinachokamata neno lililokosewa.

Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili. La kwanza, ukibadilisha nenosiri kesho, karatasi ya maneno 44 inabaki halali, huna haja ya kuichapisha tena. La pili, mwenye karatasi hiyo na nakala ya kasha hahitaji nenosiri lako. Ilinde kama hati ya nyumba, si kama karatasi ya ukumbusho.

Ichapishe nakala mbili. Lamu ina unyevu na chumvi ya bahari, na wino wa printa za maji hutanuka ukaungana herufi kwa herufi baada ya masika moja au mbili. Tumia printa ya leza, au nakili kwa mkono kwa penseli, herufi zilizoachana, kisha uitie plastiki. Nakala moja ikae Lamu, ndani ya nyumba lakini mbali na kompyuta. Nyingine ipelekwe mahali ambapo moto au mafuriko ya nyumba hii hayafiki. Kwa msimamizi wetu ni kwa dada yake Malindi, ndani ya bahasha iliyogundishwa na kutiwa saini juu ya gundi. Dada hana kasha, kwa hiyo karatasi peke yake haimfungulii kitu, na msimamizi hana sababu ya kumshuku wala dada hana mzigo wa siri.

Usiipige picha karatasi hiyo. Simu nyingi hupandisha picha zote kwenye Google Photos bila kuuliza kila mara, na hapo ufunguo wa kasha utakuwa umelala katika akaunti ile ile lilimo kasha. Usiutume kwa WhatsApp «ili nisipoteze». Usiuhifadhi kwenye rasimu ya barua pepe. Tunalirudia hili kwa sababu ndilo kosa linalobatilisha kazi yote, na hufanywa na watu waangalifu, kwa nia njema, dakika ile ile wanapoogopa kusahau.

Kuhamisha picha, na kufuta zilizobaki nje

Ukifungua kasha kwa nenosiri, kompyuta inaonyesha diski mpya. Kila unachokitia kwenye diski hiyo kinasimbwa na kuandikwa kwenye folda ya kasha iliyomo Google Drive. Kumbuka kwamba sasa una milango miwili inayofanana: diski mpya, na folda ya Kasha1 ndani ya Google Drive. Ukibandika picha katika folda ya Kasha1 moja kwa moja, haikusimbwa. Itakaa pale wazi katikati ya mafaili yaliyosimbwa. Namna ya kujua ni rahisi: ingia kwenye tovuti ya Google Drive, fungua Kasha1. Unatakiwa kuona `vault.cryptomator`, `masterkey.cryptomator`, pengine nakala yake inayoishia `.bkup`, na folda iitwayo `d` yenye majina ya ovyo yanayoishia `.c9r`. Ukiona jina lolote la mgeni, umepita mlango usio wake.

Nafasi usiihofie. Picha ya megabaiti mbili ikisimbwa inaongezeka chini ya kilobaiti mbili.

Jedwali la mishahara lina mtego wake. Kama uliliandika ndani ya Google yenyewe, kinachoonekana kwenye kompyuta kama faili la `.gsheet` ni kiunganishi tu. Jedwali halisi liko kwenye seva ya Google. Ukilitia kasha unakuwa umefunga anwani, na mzigo umebaki nje. Lipakue kwanza kama `.xlsx`, tia hilo ndani ya kasha, ulifungue uone limekamilika, kisha ndipo ufute la mtandaoni.

Sasa sehemu inayochosha. Picha 1,200 ziko ndani ya kasha, lakini zilikwisha kutembea sehemu nyingi zikiwa wazi. Pita kila mahali, kwa mpangilio huu:

1. Folda ya zamani ya Google Drive. Ukifuta, mafaili hukaa kwenye tupio siku 30. Limwage tupio mwenyewe.
2. Google Photos, kama simu inapandisha picha. Tupio lake hushika picha zilizopandishwa siku 60.
3. Matunzio ya simu ya msimamizi na ya kila mfanyakazi aliyewahi kumpokea mgeni.
4. Mazungumzo ya WhatsApp ambamo wageni walituma pasipoti kabla ya kufika.
5. Folda ya `Downloads` ya kompyuta, na `Recycle Bin`.

Usianze kufuta kabla hujafungua picha kumi hivi ndani ya kasha na kuhakikisha zinaonekana, na kabla Google Drive haijasema imemaliza kupakia. Kwa mtandao wa kisiwani hilo laweza kuchukua usiku kucha.

Kufuta huku hakukulindi wewe na wageni peke yenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka anayeshika data za watu atoe taarifa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue zimevuja, ikiwa kuna hatari ya kweli ya madhara. Sheria hiyo hiyo inasema kuwaarifu wenye data si lazima kama zilikuwa na kinga ifaayo, na usimbaji fiche umetajwa miongoni mwa kinga hizo. Msimamizi aliyeibiwa kasha lililofungwa ana barua nyepesi ya kuandika kuliko aliyeibiwa folda wazi.

Kasha halifichi kila kitu. Majina ya mafaili na folda yamesimbwa, lakini anayeliangalia kutoka upande wa Google anaona mafaili ni mangapi, yana ukubwa gani na yalibadilishwa lini. Na kasha likiwa wazi kwenye kompyuta, yeyote aliyekaa mbele ya kompyuta hiyo anaona kila kitu. Lifunge kabla ya kuondoka mezani.

Ukisahau

Likitokea, linalofanywa katika dakika za kwanza ndilo linaloamua. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Kwanza, angalia kama kasha bado liko wazi kwenye kompyuta yoyote. Kama liko wazi, usilifunge, usizime kompyuta, usiiache ilale. Nakili yote yaliyomo kwenye folda ya kawaida nje ya Google Drive. Ukishayatoa, unda kasha jipya lenye nenosiri jipya na karatasi mpya, uyahamishie humo. Umeokoka, na hakuna kilichopotea isipokuwa jioni moja.

Pili, kama liliwekwa likumbuke nenosiri kwenye kompyuta yako, litafunguka bila kukuuliza. Fanya kama hapo juu, kwa sababu kubadilisha nenosiri kutakudai la zamani, nawe huna.

Tatu, jaribu upya nenosiri unalodhani ndilo, lakini liandike kwanza kwenye kihariri ili ulione. Mara nyingi mtu hajasahau. Kinachomponza ni kibodi iliyogeuzwa lugha, `Caps Lock`, nafasi moja mwishoni, au kistari kilichobadilishwa na simu kuwa kirefu. Cryptomator haihesabu majaribio, kwa hiyo unaweza kujaribu hata mara hamsini. Uhuru huo mwizi anao pia, na ndiyo maana tulitaka maneno matano.

Nne, chukua karatasi. Chagua kasha likiwa limefungwa, ingia kwenye mipangilio yake, kichupo cha `Password`, chagua kuweka upya nenosiri kwa ufunguo wa urejeshi. Andika maneno 44 kwa mpangilio. Ukikosea moja, programu itakataa mfuatano wote bila kukuonyesha ni neno gani, kwa hiyo soma kwa sauti na mtu mwingine afuatilie kwenye karatasi. Ukikubaliwa, utaweka nenosiri jipya na `masterkey.cryptomator` itaandikwa upya.

Kama hakuna kasha lililo wazi, hakuna nenosiri lililokumbukwa na hakuna karatasi, yaliyomo yamepotea. Usimlipe mtu anayekuahidi kuyafungua. Ataomba nakala ya kasha na orodha ya manenosiri yako yote, nawe utakuwa umempa alichokitaka. Kasha lenyewe usilifute kwanza; lihifadhi kwenye diski ya nje mwaka mmoja au miwili, maana nenosiri huweza kurudi akilini siku usiyoitarajia.

Hali nyingine ni ya nenosiri lililojulikana na mtu, tuseme mfanyakazi aliyeondoka. Wengi hulibadilisha wakaridhika. Rudi kwenye yale matabaka mawili: nenosiri jipya linafunga upya ufunguo mkuu ule ule. Mfanyakazi aliyenakili `masterkey.cryptomator` ya zamani kwenye fleshi bado anaufungua ufunguo mkuu kwa nenosiri la zamani, na ufunguo huo unafungua hata picha zilizoongezwa leo, akizipata. Kwa hali hii kubadilisha nenosiri hakutoshi. Unda kasha jipya, uhamishe mafaili, ufute la zamani na kumwaga tupio, uchape karatasi mpya na kuichana ile ya Malindi.

Nakala ya pili ya kasha

Maneno 44 yanafungua kasha, hayaliumbi. Akaunti ya Google ikipotea pamoja na kompyuta, karatasi yako ni ufunguo wa mlango usiokuwepo. Kila mwezi funga kasha, kisha nakili folda nzima ya Kasha1, pamoja na `vault.cryptomator`, kwenye diski ya nje. Nakala hiyo imesimbwa tayari. Usiitenganishe wala usichague baadhi ya mafaili ndani ya `d`, kwa sababu majina yake hayakuambii lipi ni la nani.

Na watu wawili wasihariri faili moja ndani ya kasha kwa wakati mmoja kwenye kompyuta mbili. Google Drive haijui ndani kuna nini, kwa hiyo badala ya kuunganisha mabadiliko itaweka nakala mbili, na ya pili utaiona ndani ya kasha ikiwa na alama ya ziada kwenye jina. Fungua zote mbili, chagua moja, futa nyingine.

WhatsApp

Wageni wengi hutuma pasipoti kwa WhatsApp, na nakala rudufu ya mazungumzo huenda Google Drive pia. Tangu Oktoba 2021 WhatsApp inakuruhusu kuifunga nakala hiyo kwa ufunguo wako: `Settings`, `Chats`, `Chat backup`, `End-to-end encrypted backup`. Ukichagua ufunguo wa tarakimu 64, ni kasha kamili, ukiupoteza umekwisha. Ukichagua nenosiri, ufunguo huhifadhiwa katika mashine maalumu za kampuni zinazoruhusu majaribio machache tu, kisha hujifunga kabisa, zisifunguke tena. Hapo usibahatishe mara hamsini kama kwa Cryptomator. Kama simu ya zamani bado inafanya kazi, badilisha nenosiri humo ndani ya mipangilio kabla hujahamia simu mpya. Watu hulikumbuka hili wakiwa dukani, simu ya zamani imekwisha kufutwa.

Zoezi la Mei

Karatasi ambayo haijajaribiwa usiihesabu kuwa karatasi. Mwezi wa Mei, mvua za masika zikinyesha na vyumba vikiwa vitupu, tenga saa moja. Chukua diski ya nje yenye nakala ya kasha na kompyuta isiyo ya kazi. Sakinisha Cryptomator, nakili kasha kutoka kwenye diski hadi kwenye kompyuta hiyo, ongeza nakala hiyo kwenye programu, na jifanye hulijui nenosiri. Mpigie dada Malindi afungue bahasha, akusomee maneno 44 kwa simu ya sauti, wewe ukiyachapa. Weka nenosiri la muda, fungua kasha, tazama pasipoti moja ya mwaka huu na moja ya mwaka wa kwanza.

Ukikwama kwenye maneno, karatasi ina kosa: fungua kasha halisi kwa nenosiri lako, onyesha maneno tena, ulinganishe na ya dada neno kwa neno. Ukikwama kwenye picha za mwaka huu, nakala ya diski imepitwa na wakati. Ukimaliza, futa nakala ya jaribio kwenye kompyuta ile, na umwambie dada agundishe bahasha upya, atie saini na tarehe ya siku hiyo.